Mama mdogo anaambiwa atume USDT 210 za "kodi" ndipo aruhusiwe kutoa pesa zake. Wizi wa mchana!

Mpare_Mbishi:
Wakuu, mtanisamehe lugha, nina hasira.

Mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu. Jirani yake wa kikoba alimwingiza kwenye jukwaa la kutreidi kripto, faida asilimia 2 kila siku. Jirani huyo kwenye grupu la Telegram ana cheo, anaitwa "kiongozi". Kazi yenyewe ni hii: saa nane mchana na saa mbili usiku admini anatupia msimbo, unaunakili, unaubandika kwenye aplikesheni, unabonyeza, na baada ya dakika moja faida imeingia. Hasara haijawahi kutokea hata mara moja. Bitcoin ikipanda, wanapata. Ikiporomoka, wanapata. Mwenye asilimia 2 kwa siku akiziacha zijizalishe mwaka mzima, dola 600 zinafika zaidi ya 820,000. Sasa mtu mwenye mashine ya namna hiyo anahangaika na kiinua mgongo cha mwalimu kwa lipi?

Aliweka USDT 600, ile kripto ambayo moja ni sawa na dola moja. Wiki ya kwanza akajaribu kutoa 20, wakakata ada ya 1, zikamfikia 19 ndani ya nusu saa. Hizo 19 ndizo zilizommaliza. Skrinshoti yake ilizungushwa grupu zima, na yeye mwenyewe akawavuta wenzake wawili.

Salio likafika 1,400, akaomba kutoa 1,000 anunue bati. Ikaandikwa "Under review" na ikabaki hivyo. Kisha huduma kwa wateja wakamwandikia kuwa serikali imeweka kodi ya asilimia 15 ya salio, yaani USDT 210, na atume pesa mpya kwenye anwani nyingine ndani ya saa 48, la sivyo akaunti inafungwa.

Nikawauliza: si ana 1,400 kwenu? Kateni hizo 210, mpeni zinazobaki. Wakajibu "mfumo hauruhusu". Mfumo huohuo uliokata ada kwenye zile 20 bila kumuuliza! Hawakati kwa sababu hakuna cha kukatwa. Ile 1,400 ni tarakimu tu wameiandika kwenye kioo cha simu.

Nimempigia kiongozi, ananiambia nina roho ya umaskini, yeye keshalipa ya kwake.

Dar_Mjanja:
Pole mkuu, ila kripto ni haramu hapa nchini, BoT walitangaza 2019. Huyo mama akienda polisi atakamatwa yeye kwanza.

Bibie_wa_Hesabu:
Usimtishe mama wa watu. Tangazo la BoT la Novemba 2019 lipo kweli, lilisema biashara hiyo inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Lakini Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Jinsi hayo mawili yanavyokaa pamoja, wanasheria watufafanulie. Ninachojua ni kwamba kuendesha au kutangaza upatu ni kosa la jinai, kwa hiyo wa kuogopa polisi ni yule kiongozi.

Na hiyo asilimia 3 inazuiwa na anayekulipa: anakata, anapeleka TRA, wewe unapokea iliyobaki. Hakuna kodi ya TRA inayolipwa kwa kutuma USDT kwa mtu wa Telegram.

Mpare, nijibu hili: kabla ya kufungiwa, masharti ya kutoa yalibadilika?

Mpare_Mbishi:
Dada, umegusa penyewe. Nimerudi nyuma kwenye ujumbe wa grupu nikasoma wote. Mwanzo kutoa ilikuwa siku yoyote, kuanzia USDT 10. Ikageuzwa Jumamosi tu, kuanzia 100. Wiki hiyohiyo ikaja ofa, weka 500 upewe 150 juu, mwisho Jumapili, lakini ukiichukua salio lako lote linafungwa siku 30. Halafu wakazuia wanachama kuandika, wakabaki maadmini peke yao. Watu wakawa wanashangilia ile ofa!

Bibie_wa_Hesabu:
Hapo ndipo pesa zinazoingia zilianza kuzidiwa na zinazoombwa kutoka. Kila walichofanya kinapunguza watoaji au kinaongeza wawekaji. Jukwaa linalotreidi kweli halihitaji wawekaji wapya ili limlipe wa zamani. Aliyekuwa na salio pale ilitakiwa atoe lote siku sharti la Jumamosi lilipotangazwa, asingoje "Under review".

kijana_wa_Tron:
Wataalamu, mbona rahisi? Chukua TXID, yaani namba ya muamala wa kile alichotuma, ingiza kwenye tovuti ya Tronscan inayoonyesha miamala yote ya mtandao wa Tron. Utaona USDT zimekaa dakika chache kwenye anwani aliyopewa, inaingia TRX kidogo ya kulipia muamala, halafu zote zinahamishiwa pochi moja kubwa. Ukiona hivyo tu, matapeli hao.

Bibie_wa_Hesabu:
Kaka, hapo utawachafua hata wasiohusika. Masoko halali nayo humpa kila mteja anwani yake na kukusanya pesa kwenye pochi kubwa. Kukusanya tu si ushahidi. Angalia zile 19 alizolipwa zilitoka wapi na baada ya hapo mzigo ulielekea wapi.

Mpare_Mbishi:
Nimeangalia. Zile 19 zilitoka kwenye pochi ileile iliyopokea 600 zake. Inapokea mamia mamia kutoka anwani chungu nzima, inatoa vidogo vidogo, na usiku mzigo unaondoka.

Mama_Kimara:
Na mimi nisaidieni. Nauza USDT kwa P2P, mtu kwa mtu, na aliyenilipa jina lake si lile la kwenye akaunti ya mnunuzi. Nimwachie USDT au huu nao ni utapeli?

Bibie_wa_Hesabu:
Mama, lako ni jambo jingine. Usiachie USDT, fungua malalamiko humohumo kwenye oda.

Mwana_Nairobi:
Hili ni kama lile jukwaa la CBEX tupu. Aprili 2025 iliwaliza Wanigeria, na hapa Kenya pia. Waliahidi kuzidisha pesa mara mbili kwa siku 30. Kutoa kulipogoma, wakasema wenye chini ya dola 1,000 walipe 100 za uhakiki, waliozidi walipe 200. Kule Ibadan watu walivamia ofisi wakabeba mpaka viti. Tena walikuwa wanaonyesha cheti kilichotolewa na kitengo cha kupambana na utakatishaji fedha cha EFCC, tume ya Nigeria ya uhalifu wa kiuchumi, cheti ambacho hakikuwa leseni ya kukusanya pesa za watu.

Mpare_Mbishi:
Wa kwetu walikuwa na karatasi ya MSB, usajili wa biashara za huduma za fedha, kutoka FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani. Mama ameiprinti.

Bibie_wa_Hesabu:
Hiyo ni kujiandikisha tu. FinCEN wenyewe wanasema kuwemo kwenye orodha yao si kupendekezwa wala kuthibitishwa.

Tajiri_Mtoto:
Mnalalamika sana. Mimi niliingia mapema, nikatoa zaidi ya nilichoweka. Shida yenu tamaa na kuchelewa.

Mpare_Mbishi:
Ulichotoa ni pesa za watu kama mama. Hujatreidi chochote, umegawiwa.

RecoveryPro_TZ:
Mkuu, nina mtaalamu anarudisha USDT zilizoibwa. Anaanza na dola 50 tu. Njoo inbox.

Mpare_Mbishi:
Hata maiti haijapoa! Modi, ondoa huyu.

kijana_wa_Tron:
Muamala wa TRC20 haurudishwi na fundi yeyote. Wenye uwezo wa kugandisha USDT kwenye anwani ni Tether, na huwa wanafanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola. Pesa ikishauzwa kwingine, imekwenda. Kwa hiyo wahi.

Mpare_Mbishi:
Kesho asubuhi tunakwenda polisi na TXID, anwani zote mbili, namba ya kiongozi na mazungumzo ya Telegram niliyoyahifadhi kabla hawajafuta. Wale wenzake wawili mmoja amekubali kuja. Mwingine bado anatafuta 210.