Insha ya tafakuri: Gibbs, Driscoll au Kolb kwa tukio la wodini?

zamu_ya_usiku
Wadau, nina insha ya maneno 1,500 na mzunguko wa tafakuri nimeachiwa nichague mwenyewe. Tukio ni hili: usiku nilihesabu pumzi za mgonjwa, nikapata 28 kwa dakika. Nikamwambia muuguzi kiongozi wa zamu, akasema ni wasiwasi tu, nipime tena baada ya saa moja. Nikanyamaza. Saa haijaisha mgonjwa akazidiwa, akakimbizwa ICU. Nimeshaandika maneno 900 na bado nasimulia usiku ule. Nitumie upi?

fizio_mwaka3
Driscoll, bila kufikiri mara mbili. Maswali matatu tu: nini, kwa hiyo nini, sasa nini. Gibbs ana hatua sita, utajikuta unarudia jambo lile lile. Halafu Driscoll hana hatua ya hisia, kwa hiyo hiyo sehemu iruke.

kalamu_nyekundu
Nimesahihisha insha hizi miaka mingi. Kuhusu kurudia, fizio ana hoja. Kuhusu hisia amekosea: kwa Driscoll hazina kichwa chake, lakini zinaingia humo humo kwenye "kwa hiyo nini". Ukiziruka, hutaeleza kwa nini ulinyamaza, na insha yako yote inasimama hapo.

Kolb, wa 1984, ningemwacha. Anataka ujaribu tena ulichojifunza, kwa hiyo anafaa kwa kitu unachokifanya kila siku, kama kuweka kanula. Tukio lako limetokea mara moja.

Mimi ningechukua Gibbs, wa 1988, kwa sababu anakulazimisha usimame kwenye hisia kabla hujahukumu. Ila maneno 900 ya maelezo hayakubaliki. Yakate yabaki 200, na uchambuzi upewe kama 500.

Kurudia anakokusema fizio hutokea pale watu wanapochanganya tathmini na uchambuzi. Ukiandika "mawasiliano yangu yalikuwa hafifu", hiyo ni tathmini. Umetoa hukumu, basi. Uchambuzi unauliza yalikuwaje hafifu, na kwa nini. Hebu kumbuka, ulimwambia maneno gani hasa?

zamu_ya_usiku
"Dada, mgonjwa wa kitanda cha nne anapumua haraka." Basi. Namba sikuitaja.

kalamu_nyekundu
Uchambuzi wako ndio huo! "Haraka" ni maoni ya mwanafunzi, 28 ni kipimo. Kwenye NEWS2, chati ya alama za kumtambua mgonjwa anayezorota, pumzi 25 na kuendelea peke yake ni alama 3, na alama 3 kwenye kipimo kimoja inatosha mgonjwa aonwe haraka. Ulikuwa na hoja mkononi ukaifunika kwa neno laini. Sasa ieleze: hukuijua chati, au uliijua ukaogopa cheo chake? Kila jibu linakupeleka kwenye maandiko tofauti, moja kwenye utambuzi wa mgonjwa anayezorota, jingine kwenye ngazi za madaraka wodini.

mkunga_mtarajiwa
Mimi nashangaa mnaongelea mizunguko. Huyo muuguzi ameripotiwa? Mimi yalinikuta wodi ya wazazi, nikamwandika mhusika kila alichokosea, kurasa mbili nzima. Nikapewa alama za chini, mpaka leo sijaelewa.

kalamu_nyekundu
Pole. Kuripoti kuna njia yake, na zamu_ya_usiku aifuate kama bado. Lakini kwenye insha mhusika mkuu ni wewe. Kurasa mbili za makosa ya mwenzako hazimwonyeshi msahihishaji ulichojifunza. Na jina la mtu, la wodi na la hospitali yasionekane, hata namba ya kitanda usiiweke.

fizio_mwaka3
Nimekubali kuhusu hisia. Ila mpango wa utekelezaji wa Gibbs watu huandika "nitaboresha mawasiliano" wakamaliza. Swali la "sasa nini" linabana zaidi.

kalamu_nyekundu
Hapo uko sawa, ndiyo sehemu inayoandikwa kwa uchovu kuliko zote.

zamu_ya_usiku
Nimejaribu: "Nikipata pumzi 25 au zaidi nitataja namba, nitaomba mgonjwa aonwe sasa hivi, na nikiambiwa nisubiri nitamuuliza msimamizi wangu wa mafunzo papo hapo. Kabla ya zamu ijayo nitafanya naye mazoezi ya kutoa taarifa kwa mpangilio wa SBAR: hali, historia, tathmini, pendekezo." Kwenye hisia nimeandika kwamba niliona nafuu aliponiambia nisubiri. Naona aibu kuiacha ibaki humo.

kalamu_nyekundu
Iache ibaki. Hiyo nafuu ndiyo inayoeleza ukimya wako, ipeleke mpaka kwenye uchambuzi.

mkunga_mtarajiwa
Na vichwa vya hatua sita vinaandikwa, au inakuwa insha mfululizo?

fizio_mwaka3
Kwetu vinakatazwa.

kalamu_nyekundu
Mimi huvipenda, mwenzangu wa ofisi moja huvikata kwa kalamu. Muulize atakayesahihisha.