Herufi N moja imenivunjia mkataba: tangu lini mwezi na mwenzi yakawa neno moja?

Fundi Mwenye Hasira

Wakuu, salaam. Nimekuja na malalamiko, na naomba yasichukuliwe kuwa ni ubishi wa tahajia wa kupotezea muda.

Mimi na mwenzangu tulikuwa tukishona nguo katika chumba kimoja cha kukodi, tukaandikiana mkataba. Rasimu niliiandika kwa mkono wangu, na ibara ya tisa ilisema hivi: «Mkataba huu unaweza kuvunjwa kwa taarifa ya mwezi mmoja iliyoandikwa.» Tuliipeleka kwa mchapaji, akaichapa, tukatia sahihi bila kuisoma upya neno kwa neno, na hilo kosa nalikubali. Wiki iliyopita mwenzangu aliniletea barua asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa amekwisha kubeba cherehani zake. Nilipomwuliza uko wapi ule mwezi wangu wa kujipanga, alifungua mkataba akaniwekea kidole kwenye mstari: «kwa taarifa ya mwenzi mmoja iliyoandikwa». Akaniambia kwamba yeye ni mwenzi mmoja, taarifa ameiandika, na kwa hiyo hana deni lolote kwangu.

Nilirudi kwa mchapaji nikiwa na rasimu mkononi. Kilichonichoma si kosa lake, maana kidole cha mtu yeyote huteleza, bali jibu alilonipa: kwamba mwezi na mwenzi ni neno lile lile, na kwamba ile N huja au huondoka kulingana na mtu alivyozoea kutamka. Mtu anayelipwa kuchapa mikataba ya watu! Mwezi ni ule unaoandama angani na ndio tunaohesabia siku, na wingi wake ni miezi. Mwenzi ni mtu uliye naye katika kazi, safari au ndoa, na wingi wake ni wenzi. Hakuna mtu aliyewahi kukodi chumba kwa wenzi mitatu, wala hakuna aliyewahi kuishi na mumewe kama miezi wawili. Nataka kujua kama kuna yeyote hapa anayemtetea mchapaji huyu, na kama yupo, atetee kwa hoja.

Msoma Pole Pole

Pole sana, ndugu yangu, lakini sidhani kwamba lawama yote ni ya mchapaji. Kiswahili kina ngeli, na ngeli hufichua kosa hata pale herufi inapopotea. Tunasema mwezi huu na mwenzi huyu, mwezi ule na mwenzi yule, mwezi umekwisha na mwenzi amekwisha kuondoka. Mtu akiandika «mwenzi uliopita», msomaji anajua papo hapo kwamba alikusudia mwezi, kwa kuwa mtu hawezi kuwa «uliopita». Kwa hiyo nashangaa kwamba ninyi wawili mlisoma sentensi nzima na upatanisho wa ngeli haukuwashtua.

Mhariri Mkongwe

Ndugu Msoma Pole Pole, umesema kweli nusu, na nusu uliyoiacha ndiyo iliyomwumiza mwenye uzi. Nimesahihisha maandishi ya watu kwa miaka mingi, na jozi hii ya maneno ni miongoni mwa chache ambazo huwa sizipiti bila kusimama.

Viashiria na vitenzi hutofautiana, kama ulivyoonyesha, na vilevile tunasema mwezi wowote lakini mwenzi yeyote, mwezi wenye siku thelathini lakini mwenzi mwenye subira. Lakini katika umoja, ngeli hizi mbili hukutana mahali pengi kuliko watu wanavyodhani. Sifa huanza kwa M kote kuwili: mwezi mpya, mwenzi mpya. Idadi ni ile ile: mwezi mmoja, mwenzi mmoja. Neno la kuunganishia ni lile lile: mwezi wa pili, mwenzi wa pili. Mwezi mwingine na mwenzi mwingine hayatofautiani kwa lolote isipokuwa ile N. Hata «wangu» haisaidii sana, ingawa katika mazoea mwenzi huungana nayo ikawa mwenzangu, mwenzako, mwenzake, ilhali hakuna mtu anayesema «mwezangu» kwa maana ya mwezi wake.

Sasa itazame ibara yenyewe: «kwa taarifa ya mwezi mmoja iliyoandikwa». «Ya» inafuata taarifa, «iliyoandikwa» nayo inafuata taarifa, na «mmoja» inawafaa wote wawili. Hakuna neno hata moja katika mstari huo linalolazimika kubadilika unapoingiza N. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, na kila moja ina maana inayoingia akilini katika mkataba wa watu wawili. Ndiyo maana macho yenu hayakushtuka, na programu ya kukagua tahajia isingekuokoa, kwa sababu haina neno la kulipigia mstari mwekundu. Yote mawili yamo katika kamusi.

Mimi nikisahihisha sentensi ya namna hiyo huigeuza iwe ya wawili. Ikiwa ni muda, itakuwa «taarifa ya miezi miwili». Ikiwa ni watu, itakuwa «taarifa ya wenzi wawili». Hapo hakuna tena kufanana. Nikishajua kilichokusudiwa, narudi kwenye umoja na kuikagua N peke yake. Na katika mikataba huwa nashauri neno hilo liondolewe kabisa: «taarifa iliyoandikwa, itakayotolewa siku 30 kabla». Siku haiwezi kugeuka kuwa mtu.

Mtazama Anga

Kabla hamjaendelea, naomba mwenye uzi atuambie alikusudia mwezi gani. Mwezi mwandamo huwa na siku 29 au 30, na mwezi wa kalenda huweza kuwa na siku 28, 29, 30 au 31. Nadhani mgogoro wenu ulianzia hapo.

Fundi Mwenye Hasira

Ndugu Mtazama Anga, mwenzangu hakubishana nami juu ya idadi ya siku. Amekataa kwamba kuna siku zozote. Ningepewa hata zile 28, ningeshukuru.

Mama Wawili

Mimi nina la kwangu, na sijalisema kwa mtu. Tulipofiwa na baba, wafanyakazi wenzangu walinichangia na kunisindikiza hadi mazishini. Nilipotulia niliwaandikia ujumbe kwenye kundi letu la simu, nikiwa na machozi bado: «Nawashukuru wezi wangu wote kwa kunishika mkono.» Niliupeleka bila kuusoma. Mwanamke mmoja mtu mzima alinipigia simu taratibu na kuniuliza kama kuna fedha iliyopotea katika mchango. Sikumwelewa mpaka niliposoma nilichoandika. Kwenye umoja N ikidondoka unapata mwezi, na huo angalau ni heshima. Kwenye wingi ikidondoka unapata wezi, wale wanaoiba. Tangu siku ile naandika «wenzangu», neno moja lililoungana, kwa sababu hata herufi ikidondoka na kuwa «wezangu», msomaji anaona kwamba ni kosa la kuchapa na hanielewi vibaya.

Mhariri Mkongwe

Mama Wawili, pole kwa msiba na kwa hilo. Njia uliyoichagua ni nzuri kuliko ile ambayo ningeishauri. Niongeze tu kwamba wanaosema mwivi na wevi badala ya mwizi na wezi hawana mtego huo, lakini sasa ni wachache katika maandishi.

Mpenda Asili

Kwa kuwa mchapaji anasema ni suala la matamshi, asili ya neno inamkanusha. Mwenzi linatokana na kuenzi, yaani kutukuza na kuthamini, kwa sababu mwenzi wako ni yule unayemwenzi. Ukiondoa N, unaondoa enzi yote iliyomo ndani yake. Mwenye kulijua hilo hawezi kukosea.

Mhariri Mkongwe

Nakubaliana na hitimisho lako na nakataa njia uliyoipitia. Enzi na kuenzi vimetoka katika Kiarabu. Mwenzi ni neno la Kibantu, na ndugu zake wanaonekana katika lugha nyingine: Wachewa husema mnzanga kwa maana ya mwenzangu, na mwezi kwao ni mwezi vilevile. Wanazo jozi hizo hizo, na N yao iko pale pale ilipo yetu. Kwa hiyo N hii haikuletwa na mazoea ya mchapaji yeyote.

Mpenda Asili

Nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu, na bado naona maana zinakaribiana mno. Nitalitafakari, lakini siwezi kusema nimeridhika.

Mjukuu wa Pwani

Naomba nimtetee mchapaji kidogo, kwa kuwa mwenye uzi alitaka mtetezi. Kuna watu wengi ambao lugha zao za nyumbani haziwatenganishii sauti hizi mbili vizuri. Mmoja husema «mwenzi wa nne» akikusudia Aprili, mwingine husema «mwezangu» akikusudia mwenzake, na wote wawili hawasikii tofauti. Silabi ni mbili katika kila neno, na mkazo uko kwenye «mwe» kote kuwili, kwa hiyo sikio halina kingine cha kushika. Mimi niliwahi kumfundisha binamu yangu kwa kumwambia abane pua kwa vidole halafu aseme «ezi» na «enzi». Ya kwanza hutoka bila taabu. Ya pili hukwama puani, kwa sababu N inatafuta njia ya kutokea na haioni. Alipoisikia kwa mwili wake mwenyewe, hakuikosea tena katika kusema, ingawa katika kuandika bado huteleza. Asiyesikia si mzembe.

Fundi Mwenye Hasira

Ndugu Mjukuu wa Pwani, hoja yako nimeipokea kwa upande wa msemaji. Kwa upande wa mchapaji siipokei. Yeye hakuandika aliyoyasikia. Alikuwa na karatasi yangu mbele yake, na neno lilikuwa limeandikwa. Kazi yake ilikuwa kunakili.

Baada ya kusoma maelezo ya Mhariri Mkongwe nimeketi na mkataba usiku, nikatafuta kila «mwezi» na kila «mwenzi», moja baada ya jingine. Nimepata jingine katika ibara ya nne. Rasimu yangu ilisema: «Mwenye cherehani za umeme atalipia umeme wake. Kila mwenzi atachangia kodi ya chumba.» Iliyochapwa inasema: «Mwenye cherehani za umeme atalipia umeme wake. Kila mwezi atachangia kodi ya chumba.» Neno «kila» halibadiliki kwa ngeli yoyote, na kile kiambishi «a» cha «atachangia» sasa kinamrudia mtu aliyetajwa nyuma yake. Mwenye cherehani za umeme ni mwenzangu. Kwa maandishi haya, yeye peke yake ndiye aliyepaswa kuchangia kodi, kila mwezi, na mimi sikuandikiwa kulipa chochote, ilhali nimelipa nusu yangu tangu mwanzo.

Msoma Pole Pole

Basi akishikilia ibara ya tisa kama ilivyochapwa, na ya nne aishikilie hivyo hivyo.

Mhariri Mkongwe

Taratibu. Makosa mawili ya jozi ile ile, yanayokwenda pande mbili tofauti, yanaonyesha kwamba aliyechapa hakuyatenganisha maneno haya popote, na hilo linaipa nguvu rasimu yako kuliko kumtisha mwenzako kwa ibara ya nne. Iwapo mtasuluhishwa kwa rasimu au kwa karatasi yenye sahihi, mimi si mtu wa sheria na sitalisemea. Je, rasimu hiyo ina mwandiko wa mwenzako mahali popote?

Fundi Mwenye Hasira

Inao. Pembeni ya ibara ya tisa aliandika kwa kalamu ya risasi: «Mmoja hautoshi, tuweke miwili?» Nikamjibu chini yake kwamba mmoja unatosha. Nimeisoma mara tatu sasa hivi. Ameandika «hautoshi», hakuandika «hatoshi», na ameandika «miwili», hakuandika «wawili». Kesho asubuhi naipeleka kwake.