Naomba ushauri: maswali ya majibu mafupi kuhusu uchakavu, maksi nigawe vipi?

Chaki_Vumbi:
Habari wakuu. Nafundisha utunzaji wa vitabu vya hesabu kidato cha tatu, notsi za uchakavu nimezimaliza wiki iliyopita. Natunga jaribio la majibu mafupi (kwa wanafunzi litakuwa Kiingereza, hapa naandika kwa lugha yetu). Maswali mawili ya mwanzo ni haya:

1. Taja sababu mbili za kuweka uchakavu kwenye hesabu. (maksi 2)
Jibu: kuonyesha faida halisi ya mwaka, kutenga fedha za kununulia mali mpya.

2. Gari lilinunuliwa 1 Aprili 2021 kwa sh 24,000,000. Litatumika miaka 5, mabaki yake sh 4,000,000. Mwaka wa hesabu unaisha 31 Desemba. Kwa njia ya mstari mnyoofu, tafuta thamani ya kitabuni tarehe 31 Desemba 2022. (maksi 6)
Jibu: sh 17,000,000.

Muhula uliopita swali kama la pili lilinitoa jasho. Nusu ya darasa walipata sifuri, na najua hawakuwa sifuri.

Debe_la_Korosho:
Mkuu, maksi 6 kwa namba moja ya mwisho ni nyingi mno. Lipe 2, basi.

MamaLeja:
Hapana, kazi ya maksi 6 ipo, ila umeificha. Hebu ligawe: (a) uchakavu wa 2021 na wa 2022, maksi 4, (b) thamani ya kitabuni, maksi 2. Kisha kwenye mwongozo wako andika kila maksi inapatikana wapi. Kutoa mabaki kwenye bei, 1. Kugawa kwa miaka 5, 1. Kuchukua miezi 9 kati ya 12 mwaka 2021, ikatoka sh 3,000,000, 1. Mwaka 2022 mzima, sh 4,000,000, 1. Kujumlisha uchakavu wa miaka yote miwili, 1. Kuutoa kwenye bei, 1.

Sasa chukua mtoto aliyesahau mabaki. Kagawa 24,000,000 kwa 5, kapata 4,800,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza 3,600,000, jumla 8,400,000, jibu lake la mwisho 15,600,000. Kwa mwongozo wako huyo ni sifuri. Kwa huu amekosea sehemu moja tu, basi apoteze maksi moja, abaki na 5. Namba yake mbovu unaifuata hadi chini, ukiangalia kama njia ni sahihi. Andika kabisa kando ya (b): "pokea namba ya mwanafunzi kutoka (a)". Usipoandika, kufikia daftari la arobaini utakuwa umechoka na unakata tu.

Halafu jibu lako la pili kwenye swali la 1 si sahihi. Ukiweka uchakavu, hakuna shilingi inayotoka benki kwenda popote. Ni gharama inayoingia kwenye hesabu ya faida na hasara, fedha haisogei.

Debe_la_Korosho:
Hapo nakupinga kidogo. Faida ikipungua, mwenye duka anachota kidogo, fedha inabaki ndani ya biashara. Si ndiyo kutenga huko?

MamaLeja:
Inaweza kubaki, ila ikanunua mchele na sukari mwezi huohuo. Uchakavu wenyewe haujatenga kitu. Mtoto akiandika ulivyosema wewe, kwa kirefu hivyo, ningempa. Akiandika "fedha za kununulia mali mpya" basi, simpi. Mwalimu weka "kuonyesha mali kwa thamani inayofaa kwenye mizania".

Bajaji_Tatu:
Wakuu mimi nina bajaji, mhasibu aliniambia TRA ni asilimia 37.5. Mbona hapa mnagawa kwa miaka mitano?

MamaLeja:
Ndugu yangu, hiyo 37.5 ni ya kukokotoa kodi, na inapigwa kwenye salio linalopungua. Vitabuni mwenye biashara huchagua njia inayolingana na matumizi ya mali yake. Mhasibu wako yuko sawa, ila swali la mwalimu ni jingine.

Chaki_Vumbi:
Nashukuru sana dada. Nimefungua notsi zangu, kumbe ile ya kutenga fedha niliiandika mwenyewe ubaoni. Waliokariri nitawapa maksi safari hii, kosa ni langu, kisha nirekebishe darasani.

Bado jambo moja. Aliyeweka mwaka mzima 2021 atapata 8,000,000 jumla na 16,000,000 mwisho. Naye 5?

Mizania_Isiyokaa:
Mimi ningempa 6. Swali halijasema uchakavu uhesabiwe mwezi kwa mwezi, na zipo biashara zinazoweka mwaka mzima kwenye mwaka wa kununua. Ongeza sentensi hiyo kwenye swali.

MamaLeja:
Ukiiongeza umemtafunia. Tarehe ya 1 Aprili imewekwa ili aione mwenyewe. Kama notsi zimesema ni kwa miezi, ni 5.

Mizania_Isiyokaa:
Na aliyehamia kutoka shule nyingine wiki iliyopita?