Nilimdhamini mtoto wa mama mdogo, kaenda dago hajarudi. Barua inanidai 6,188,000. Naombeni ushauri

MwalimuMakorora:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu hapa Tanga mjini. Mwaka jana mtoto wa mama yangu mdogo, mvuvi wa Sahare, alichukua mkopo wa milioni 6 kwenye kampuni moja ya mikopo ili anunue mashine ya boti na nyavu. Tulimdhamini wawili, mimi na jirani yake. Rejesho lilikuwa 680,000 kila mwezi kwa miezi 12, yaani deni la msingi 500,000 na riba 180,000.

Alilipa miezi mitano bila shida. Mwezi wa sita akaenda dago upande wa Pemba, simu haipatikani. Mama mdogo anasema ana salama huko, ila hela haji nayo wala haitumi. Juzi, siku ya rejesho la mwisho, nimepokea barua hii:

Deni la msingi lililobaki 3,500,000
Riba 1,260,000
Faini ya kuchelewa 1,428,000
Jumla 6,188,000

Nimepewa siku 14. Nina akiba ya milioni 2 tu, nilikuwa naiweka kwa ajili ya bati. Kinachoniuma ni hiyo faini. Mimi sikuchelewesha kitu, hakuna aliyeniambia kwamba kaacha kulipa. Nitadaiwaje faini ya kosa ambalo sikulijua?

Kijana_wa_Pongwe:
Pole mkuu. Nenda ofisini kaombe wakuongezee muda, mwambie afisa biashara imeyumba. Mimi walinigawia rejesho likawa dogo.

MwalimuMakorora:
Asante ndugu, ila mkopo si wangu. Mimi ni mdhamini.

BaharaTanga:
Mwalimu usitoe hata senti. Mdhamini haguswi mpaka mkopaji afikishwe mahakamani na mali zake zishindikane. Halafu mko wawili, kwa hiyo hata ikifika huko, wewe ni nusu tu.

MzeeWaMikopo:
Bahara, hapo umepatia kidogo na kukosea pakubwa. Nimekaa kwenye idara ya mikopo miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimeona watu wakiuziwa vitu kwa ushauri kama huo.

Mwalimu, kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini anadaiwa sawasawa na mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe umeweka mpaka. Mkopeshaji halazimiki kumfuata mkopaji kwanza. Na kama mkopaji anadaiwa faini, na wewe unadaiwa faini hiyo hiyo, hata kama ulikuwa darasani unafundisha. Mtu akinyamaza asikwambie kuwa mwenzako kaacha kulipa, ukimya huo peke yake haukutoi kwenye udhamini. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Nusu kwa nusu ipo, ila ni kati yako na yule jirani. Ukilipa zaidi ya fungu lako, unamdai yeye. Kampuni inaweza kumshika mmoja wenu kwa deni lote, na kwa kawaida humshika mwenye mshahara.

Sasa chukua fomu yako usome mambo mawili. Udhamini umewekewa kiwango cha juu? Na faini inahesabiwa juu ya nini? Niandikie maneno yenyewe.

MwalimuMakorora:
Shikamoo mzee. Kiwango hakipo. Imeandikwa "nitalipa deni la msingi lililobaki, riba na faini zote, kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Ya faini inasema "asilimia 5 kwa mwezi kwa kila rejesho lililochelewa".

MzeeWaMikopo:
Marahaba. Basi hapo kwenye "kila rejesho lililochelewa" ndipo pa kushikia.

Wao wamechukua salio lote, 4,760,000, wakapiga asilimia 5 wakapata 238,000, halafu wakazidisha kwa miezi sita. Ndiyo hiyo 1,428,000. Wamehesabu kana kwamba marejesho yote saba yalichelewa tangu siku ya kwanza. Lakini rejesho la mwezi wa kumi lingechelewaje mwezi wa saba, na siku yake ilikuwa haijafika?

Fuata mkataba. Asilimia 5 ya rejesho moja ni 34,000. Rejesho la mwezi wa sita limechelewa miezi sita, la saba miezi mitano, la nane minne, unashuka hivyo hivyo. La mwisho siku yake ndiyo juzi, kwa hiyo halina faini. Jumla ni miezi 21, mara 34,000 unapata 714,000. Faini yao ni mara mbili kamili ya inayotakiwa. Deni kwa siku ya barua ni 5,474,000.

Ila usikae na ushindi huo. Sasa marejesho yote saba yamepitiliza, kwa hiyo kuanzia hapa ile 238,000 kwa mwezi ni sahihi. Ukibishana miezi mitatu, punguzo lote limeliwa.

DadaNgamiani:
Yaliyonikuta mimi ni ya ushirika wa akiba na mikopo wa kazini. Nilimdhamini mwenzangu, akaacha kazi. Sikuletewa hata barua, nilikwenda kuomba hela ya ada nikakuta akiba yangu imekatwa. Nilipolipa yote nikapewa stakabadhi yenye jina lake yeye. Nilipomshitaki akasema alilipa mwenyewe. Mwalimu, stakabadhi iandikwe jina lako na neno "mdhamini".

MzeeWaMikopo:
Dada kasema la maana sana. Na hiyo milioni 2, ukiipeleka kimyakimya watu wengi huiingiza kwenye faini kwanza, deni la msingi linabaki palepale. Angalia kama mkataba umepanga utaratibu wa malipo. Kama haukupanga, andika barua siku hiyo hiyo kwamba fedha hii inapunguza deni la msingi, wagonge muhuri kwenye nakala yako. Faini ya kila mwezi inashuka kutoka 238,000 hadi 138,000.

Kuna dhamana nyingine waliyoshika?

MwalimuMakorora:
Ndiyo, kadi ya pikipiki yake. Iko kwao.

MzeeWaMikopo:
Ukimaliza deni, haki waliyokuwa nayo juu ya dhamana hiyo inahamia kwako. Usiondoke bila hiyo kadi.

BaharaTanga:
Nimejifunza, mzee. Lakini kama walimwongezea muda bila mwalimu kusaini, si anatoka?

MzeeWaMikopo:
Hapo una hoja. Wakikubaliana na mkopaji masharti mapya bila ridhaa ya mdhamini, sheria inaweza kumtoa mdhamini. Tatizo ni kwamba fomu nyingi zina kifungu cha mdhamini kuridhia mabadiliko yote mapema. Kikiwemo, njia hiyo inakuwa nyembamba.

MwalimuMakorora:
Mrejesho wakuu. Nimetoka ofisini kwao leo. Niliomba kwa maandishi taarifa ya mkopo, nikaweka karatasi ya hesabu mezani mstari kwa mstari. Meneja akaipitia na kikokotoo mara mbili, kisha akaandika kwa mkono 714,000 na kusaini. Nimelipa milioni 2, muhuri umegongwa, stakabadhi ina jina langu kama mdhamini. Jirani kakubali kuchangia, ingawa hajasema lini.

Ila kwenye faili nimeona karatasi ya mwezi wa nane, ratiba nyingine ya marejesho yenye sahihi ya ndugu yangu. Ya kwangu haipo. Meneja anasema ilikuwa mazungumzo tu, haikutumika. Fomu yangu nakala yake imefifia ukurasa wa pili, sioni kama kile kifungu cha kuridhia kipo. Nimeomba nakala safi, wamesema Jumatatu.

MzeeWaMikopo:
Omba na nakala ya hiyo ratiba. Na mama mdogo amtafute huyo kijana kupitia nahodha wake, kwa sababu kama aliisaini mwezi wa nane, basi alikuwa Tanga mwezi wa nane.