Mrejesho: Ujumbe kwa mjumbe anayetumia kiti cha magurudumu

Swali langu lilikuwa: "Nimwandikieje mjumbe wetu anayetumia kiti cha magurudumu kwamba ukumbi hauna ngazi, na nimuulize saa inayomfaa?"

Nawashukuru nyote. Nilifuata ushauri wa kupima kwanza badala ya kuandika tu kwamba ukumbi unafikika, kwa kuwa neno hilo halimwambii mtu kama kiti chake kitapita. Kibaraza kina kimo cha sentimita 30 na njia ya mteremko ina urefu wa mita 3.6, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, kiwango ambacho mwenye kiti anaweza kukimudu. Nikaandika hivi:

"Shikamoo mama. Kuanzia getini hadi ukumbini hakuna ngazi wala kizingiti, na mlango una upana wa sentimita 90. Je, saa nne asubuhi au saa nane mchana, ipi inakufaa? Kama zote hazikufai, tafadhali pendekeza nyingine."

Alichagua saa nne, akieleza kwamba asubuhi na mapema daladala hujaa na makondakta hukataa kupakia kiti. Kilichokwama ni choo: mlango wake una sentimita 62, kiti chake 66, jambo ambalo ujumbe wangu haukulitaja hadi yeye alipouliza. Tulihamishia kikao chumba cha jirani chenye choo kipana, saa ikabaki ileile, naye alihudhuria hadi mwisho.