Naomba ushauri: barua kwa wateja kuhusu kupima rangi ya nywele

Wadau, nina saluni Sinza. Nataka kila mteja wa rangi apimwe siku mbili kabla, ila wengi wanaona nawasumbua. Nimewaandikia hivi, mniambie kama inaeleweka:

"Dada zangu, rangi nyeusi ya kudumu mara nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD, ambayo huchanganywa pia kwenye piko. Mwezi uliopita mteja wangu wa miaka mingi alivimba kope hadi macho yakafumba, siku moja baada ya kupaka. Nilipomuuliza, akakumbuka piko ya harusi ya mdogo wake ilimtoa malengelenge mkononi. Mwili ukishaikataa PPD hausahau. Kwa hiyo nitakupaka tone la rangi nyuma ya sikio, tusubiri saa 48, maana mzio huu huchelewa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papase kwa kidole: ukikuta uvimbe, vipele au muwasho, osha unipigie. Hatupaki."

Aliyewahi kudhurika na piko simpimi kabisa, namwelekeza kwa daktari wa ngozi. Hilo nalo niliandike, au litawatisha? Na nauli ya kuja mara mbili, wenzangu mnawafidiaje?