Mzigo niliununua kwa bei ya zamani, Kariakoo wamepandisha. Niuze vipi, na tugawane vipi na mdogo wangu?

MamaSpea Masasi
Habari za leo wadau. Nina duka la spea za pikipiki hapa Masasi, naliendesha na mdogo wangu wa kiume, mtaji nusu kwa nusu. Stoo tuna tairi 40 za nyuma. Kila moja tuliinunua 36,500 Kariakoo, ukiweka nauli ya gari na kupakua inafika dukani kwa 38,000. Tunauza 45,000. Wiki iliyopita nikampigia anayetuuzia, akaniambia sasa ni 44,500, dola imepanda. Na nauli ileile ina maana tairi itanifikia kwa 46,000. Yaani bei ya kununua imepita bei yangu ya kuuza!

Maswali yangu ni mawili. Hizi 40 nilizonazo niziuze bei ipi? Na la pili linaninyima usingizi: mdogo wangu anataka kujitoa, akafungue duka lake Tunduma. Anasema mzigo uhesabiwe kwa bei ya leo. Mimi naona tuhesabu kile tulicholipa. Naombeni ushauri wa kweli, ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Kijana wa Chuno
Dada, badilisha bei leo hii. Ulikuwa unapata kama asilimia 18 juu ya gharama. Piga asilimia hiyohiyo juu ya 46,000, inakuja kama 54,500. Ukisubiri unakula mtaji.

Mzee wa Newala
Mwanangu, tairi uliyoilipia 38,000 ukaiuza 54,500, mteja ni bodaboda anayetafuta mkate wa watoto. Hapo mimi naona dhuluma. Uza kwa bei yako ya zamani mzigo huo uishe, halafu mzigo mpya uuze kwa bei mpya.

Mhasibu wa Ligula
Shikamoo mzee. Tumsaidie dada kwa kuhesabu ushauri wako mpaka mwisho. Akiuza zote 40 kwa 45,000 anapata 1,800,000. Daftari linasema faida ni 7,000 kwa tairi, jumla 280,000, na pesa hiyo inaondoka kwenye pango, mshahara na ada ya watoto. Anabaki na 1,520,000. Anarudi Kariakoo, kwa 46,000 anapata tairi 33. Hajaibiwa, hajakopesha, na daftari linasema amepata faida, lakini tairi 7 hazipo. Mzunguko wa pili zinapungua tena. Maduka mengi yanakufa hivi, na mwenyewe anadhani amerogwa.

Hata asipokula senti, 1,800,000 inamrudishia tairi 39 tu. Kwa hiyo 45,000 haiwezekani kabisa.

Kijana wa Chuno, umeshika nusu. Msingi ni 46,000, hapo uko sahihi. Ila asilimia isikuongoze. Pango la dada halijapanda, mshahara wa kijana wa dukani haujapanda. Anachohitaji juu ya gharama mpya ni zilezile 7,000 zinazoendesha duka. 46,000 na 7,000 ni 53,000. Hiyo 1,500 ya ziada unayoweka ndiyo itampeleka mteja kwa jirani.

Jambo la pili, dada, na hili ndilo watu wanakosea baada ya kupandisha bei. Ukiuza tairi ya zamani kwa 53,000, utaona 15,000 mkononi. Usiiite yote faida. Kila jioni 8,000 kwa kila tairi iliyouzwa iende kwenye laini au akaunti ya mzigo, 7,000 ndiyo ya matumizi. Andika safu mbili kwenye daftari.

Mkulima Nanyamba
Hili la bei hata sisi linatuumiza. Mimi mwaka juzi niliuza korosho mapema kwa kangomba kwa sababu sikuwa na hela ya kupulizia, mnada ulipofunguliwa bei ikawa juu. Dada usiuze sasa, funga stoo usubiri msimu, mwezi wa kumi watu wana hela.

Bint Mikindani
Kaka Mkulima, tairi si korosho, hela yake inatakiwa izunguke. Na kufunga stoo makusudi watu wahangaike ndiko kunakokatazwa, siyo kubadilisha bei. Mtume (s.a.w.) aliombwa apange bei sokoni akakataa. Muhimu usimfiche mteja, mwambie Kariakoo imepanda.

MamaSpea Masasi
Asanteni sana. Tatizo jirani yangu hatua ishirini tu bado anauza 45,000. Nikiweka 53,000 bodaboda wote wanahamia kwake.

Mhasibu wa Ligula
Jirani anauza mzigo wa zamani kama wewe, na yeye atarudi na tairi pungufu. Jua kwanza amebakiza ngapi. Wakati huo weka 50,000, wewe ubaki na 4,000 badala ya 7,000, uuze kidogokidogo. Chini ya 46,000 usishuke, labda kama unadaiwa na huna njia nyingine.

Lakini sheria hii ya bei ya kununulia tena ni kwa bidhaa utakayoinunua tena. Kama una spea za pikipiki za zamani zisizouliziwa, bei ya Kariakoo haikuhusu. Uza kwa bei itakayoziondoa, hela inunue tairi.

Na kwenye hesabu za TRA usiandike mzigo kwa 46,000. Hesabu kamili zinatambua ulicholipa, 38,000, kwa hiyo hata ile 8,000 inaonekana faida. Kama uko chini ya mauzo ya milioni 100 kwa mwaka na unalipa kwa makadirio, kodi inafuata mauzo, nayo yanapanda kwa bei hata kama tairi ni zilezile. Iweke akilini unapopanga bei.

Muuza Sola Lindi
Naomba niongeze upande ambao ulinichoma. Mwaka 2024 dola ilikaribia 2,700, nikajaza betri kwa bei ya juu nikijua itaendelea kupanda. Desemba ikashuka mpaka karibu 2,400. Wenzangu wakaleta mzigo wa bei nafuu, mimi yangu yakakaa miezi. Ukifuata bei ya kununulia tena, uifuate na ikishuka. Usiangalie dola kwenye simu, mpigie anayekuuzia kila Jumatatu, kwa sababu bei yake inachelewa nyuma ya dola, kupanda na kushuka.

MamaSpea Masasi
Nimeelewa upande wa bei. Na la mdogo wangu je?

Mhasibu wa Ligula
Ukimpa nusu ya ulicholipa ni 760,000. Kwa bei ya leo atanunua tairi 16, wakati haki yake kwenye stoo ni 20. Hapo analalamika kwa haki. Ukimpa nusu ya bei ya leo ni 920,000, lakini wewe hujauza hata moja, na ikishuka kama alivyosema wa Lindi, hasara ni yako peke yako. Mimi ningegawa mzigo wenyewe: 20 kwake, 20 kwako, na zile zisizouzika pia nusu kwa nusu.

Kijana wa Chuno
Kubeba tairi mpaka Tunduma ni nauli tena, mkuu. Nani analipa?

Mhasibu wa Ligula
Hapo mkae wenyewe na wazazi. Wengine hukutana katikati ya 760,000 na 920,000. Sina jibu moja la hilo.

MamaSpea Masasi
Nimeweka 50,000 tangu asubuhi. Zimetoka tairi 2, nimetenga 16,000 kwenye laini ya mzigo, imebaki 8,000 ya duka. Mdogo wangu nimemwambia achukue 20, amesema anataka pesa. Ijumaa tunaenda kwa mama.